Mbolea na Mbegu Katika Shimo Moja

Mpiga picha hana kosa. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilimsingizia moyoni, nikijiambia kwamba kamera yake ndiyo iliyotaka vile. Kamera haitaki kitu. Aliyetaka ni mimi, tena kwa maandishi.

Kazi yangu ni kuandika miswada ya video za kilimo. Ofisi yetu iko Kiyovu, katikati ya mji mkuu wa Rwanda, kwenye nyumba ya zamani yenye bustani kubwa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipalilia. Ukurasa wa mswada una safu mbili. Kushoto ni picha: mkulima anafanya nini, aonekane kwa mbali au kwa karibu. Kulia ni sauti: msimulizi anasema nini wakati huo. Video moja hutoka kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, picha zilezile, sauti mbili. Mimi nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, nikarudishwa Rwanda nikiwa kijana mwenye mdomo, na mdomo huo ndio ulioniajiri.

Mwaka ule tulitaka kufundisha kupanda mahindi kwa mistari na mbolea ya dukani. Tulimpata mama mmoja kwenye vilima vya nyuma ya Batsinda, pale nyumba za mradi zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Alikuwa mkulima mwezeshaji, yaani wakulima wenzake walikuwa wamemchagua awe wa kujifunza mbinu mpya kwanza, kisha awafundishe wao kwenye shamba lake mwenyewe. Hakuna utajiri katika kazi hiyo. Alichokuwa nacho ni kuaminiwa: akisema panda, walipanda. Amekulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili kilimtoka bila kukitafuta, na tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu.

Tulirekodi mwezi wa nane, kiangazi, kwenye kipande chake cha bondeni alichokimwagilia kwa ndoo. Video ilipaswa kuwafikia watu kabla ya mvua, la sivyo haina maana. Alifunga kamba, akapima sentimita sabini na tano kati ya mistari na hamsini kati ya mashimo. Katika kila shimo aliweka gao la samadi iliyooza vizuri, ujazo wa kiganja kimoja, kisha kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya chembechembe. Hapo akapitisha ukingo wa kiganja, akasukumia udongo ndani, mbolea ikapotea chini yake. Ndipo akaweka mbegu mbili, akafukia.

Tendo lile la kupitisha kiganja lilikuwa la haraka sana. Amelifanya miaka mingi hata halioni tena. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi yangu, na kwenye safu ya kushoto nilikuwa nimeandika: "Karibu sana. Mbolea na mbegu ndani ya shimo, vyote vinaonekana." Niliandika hivyo mezani Kiyovu, nikiwaza jinsi picha itakavyopendeza, chembe zile za mbolea na mbegu za rangi ya dawa zikikaa pamoja. Kwenye safu ya kulia nilikuwa nimeandika sawasawa kabisa, kwamba tenganisha mbolea na mbegu kwa udongo wa unene wa vidole viwili. Nilijiona nimemaliza kazi.

Nikamwambia arudie. Akarudia, na kiganja kikapita tena. Mara ya tatu nikaanza kuudhika, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na mimi nina hasira za karibu.

"Mama, safari hii usifunike mbolea. Weka mbegu juu yake hivyohivyo, ni kwa ajili ya picha tu."

Akaniangalia. "Hii iko inaunguza mbegu, mwanangu."

"Najua. Sauti itasema."

"Sauti," akasema. "Watu yangu wanaangalia kwa simu, sokoni, watu kumi simu moja. Sauti gani watasikia?"

Nikamwambia huu ni utaalamu, aniachie mimi. Ndivyo nilivyosema, mtu mzima ovyo, kwa mwanamke aliyeshika jembe kabla sijazaliwa. Akafanya. Picha ikatoka nzuri mno.

Na kuna hili ambalo linaniuma mpaka leo. Tulipokuwa tunakunja vifaa, yeye alirudi kwenye shimo lile peke yake. Akatoa mbegu mbili, akazipangusa kwenye kitenge, akafunika mbolea, akazirudisha. Hakutaka kuacha shimo bovu hata moja kwenye shamba lake. Nilimwona. Mpiga picha naye alimwona, akaniuliza kama awashe tena kamera. Nikamwambia tumeshamaliza.

Video ilitoka mwezi wa tisa. Afisa kilimo wa sekta, eneo lao la utawala, aliisambaza kwenye makundi ya simu ya wakulima, na nikapongezwa ofisini. Mvua zikaanza. Katikati ya mwezi wa kumi mama akanipigia. Hakunisalimu kwa kirefu.

"Njoo uone," akasema.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Wakulima waliojifunza shambani kwake miaka ya nyuma mahindi yao yalikuwa yamesimama vizuri. Waliojiunga naye mwaka huo, wasiowahi kugusa mbolea ya dukani, mashamba yao yalikuwa na mapengo, miche mitatu hapa, kisha hatua kadhaa za udongo mtupu. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, jirani wa mama kwa upande wa chini, alifukua shimo mbele yangu. Mbegu ilikuwa imevimba na kutoa kamzizi kadogo kenye ncha ya kahawia, kamekauka kama utambi. Akanionyesha simu yake. Alikuwa ameisimamisha video palepale, kwenye ile picha ya karibu.

"Nilifuata mikono yake," akasema. "Ni mikono yake, tunaijua."

Mama alikuwa amesimama pembeni. Jirani hakumwangalia. Mimi nikaanza kueleza habari za sauti, kwamba sauti ilisema, na yule bwana akanisikiliza kwa adabu kisha akabonyeza simu yake. Sauti ikatoka kidogo tu, ikamezwa na upepo.

Tulipobaki wawili mama aliniambia anachotaka, na hakikuwa kikubwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, na baada ya kazi watu hukaa mkutano. Wenzake walikuwa wameshasema jambo hili litajadiliwa. "Ujue, wanasema niliwaficha," akasema. "Kwamba kwa shamba yangu nafanya ya kweli, kwa simu nawaonyesha ya uongo, ili mahindi yangu yashinde yao. Njoo useme ni wewe uliniambia. Mimi nikisema, ni mtu anajitetea."

Nikamwambia nitakuja. Nilimshika mkono kabisa.

Jumatatu nikamweleza mkubwa wangu wa kazi. Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tutatengeneza kipande kipya cha kusahihisha haraka, chenye picha sahihi, lakini nisiende kusimama mbele ya watu na kusema ofisi imekosea, kwa maana video nyingine zote zitatiliwa shaka. "Wasahihishe kwa video," akasema. Niliona ana hoja. Kusema kweli nilifurahi kwamba ana hoja, kwa sababu niliogopa yule bwana na simu yake.

Kipande kipya tulikirekodi Kibagabaga, kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba niliyopanga, kwa mikono yangu mimi. Nilikuwa nimemwomba mama aonyeshe yeye, akakataa kwa sentensi moja: "Uje kwanza Jumamosi." Basi ikawa mikono yangu, kucha safi, saa mkononi. Mbolea, udongo, mbegu, udongo. Sahihi kabisa. Kilisambazwa, na kwenye kundi moja la wakulima mtu akaandika kwamba huyu hajawahi kulima, mwacheni. Sikuweza kumlaumu.

Jumamosi ya umuganda nilifanya kazi mtaani kwangu, Kibagabaga, kama kila mkazi. Tulikuwa tunazibua mtaro. Simu ilikuwa mfukoni. Karibu saa tano ikalia, nikaitoa, nikaona ni yeye. Nilikuwa na koleo mkono mmoja na simu mkono mwingine, na majirani wawili walikuwa wananisubiri nisogee. Nikaiacha ilie hadi ikanyamaza, nikairudisha mfukoni, nikaendelea kutoa matope. Haikulia tena. Nilifyata mkia, hakuna neno jingine la kulipamba.

Wiki iliyofuata afisa kilimo akaniambia kwa simu, kama habari ya kawaida tu, kwamba wakulima wa kilima kile wamechagua mwezeshaji mwingine.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda. Najua. Nilikuwa na sababu kila mwezi, na zote nilizitunga vizuri, si ndiyo kazi yangu. Hatimaye nilikwenda mwezi wa tisa uliofuata, mvua zikiwa zimeshalowesha udongo, na nikamkuta peke yake kwenye shamba la mlimani, amefunga kamba yake, anachimba mashimo. Alinikaribisha kama mgeni. Akauliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo.

Nikamwambia nimekuja kusema kosa lilikuwa langu, na kwamba niko tayari kwenda nyumba kwa nyumba, leo hii, niwaambie wote. Nikamwomba anisamehe.

Aliendelea kuchimba mpaka mwisho wa mstari ndipo akanijibu.

"Usiende kwao. Mbegu wameshasahau, wamepanda zingine. Jirani yangu ananisalimia." Akapangusa jembe kwa mguu. "Hawajasahau siku ile nilisema, mgojeni, anakuja. Niliwagojesha kwa jua. Nikakupigia mbele yao."

Sikujua kwamba alipiga mbele yao. Mwaka mzima nilikuwa nikidhani alijitenga pembeni kunipigia. Nilikaa chini kwenye ukingo wa tuta.

Hakunifukuza. Akaniletea bakuli la mbolea, na kizibo, na mbegu kwenye kopo. Akasema kama nimeshakuja, nisaidie, mvua iko karibu. Nikavua saa, nikapiga magoti kwenye mstari wake. Gao la samadi, kizibo kimoja, kisha ukingo wa kiganja ukasukuma udongo, vidole viwili, mbegu mbili, udongo tena. Shimo la pili vilevile. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilijua anaangalia mikono yangu.

"Hapa kamera hakuna," akasema, "na unafunika."

Kisha akaenda kuanza mstari wake, upande wa pili wa shamba.