Mwewe wa Ubeti wa Tatu

Nikinusa pareto iliyokaushwa, hata leo, meno yangu hukazana yenyewe. Kwenye shamba la mzungu, juu ya Nakuru, mama alichuma maua hayo ya pareto akiimba shairi alilolitunga baada ya nyapara kumchongea baba, na askari kumpakia kwenye lori.

Ubeti wa kwanza ulianza hivi: "Kiangazi mto kimya, mwewe anywa peke yake." Wa pili: "Mawingu juu ya mto, mwewe atazama juu."

"Mbona kila mara ni mto uleule na mwewe yuleyule?" nilimwuliza.

"Mto ni sisi," akasema, vidole vyake vikichuma bila kupumzika. "Mwewe unamjua, ndiye aliyemnyakua baba yako kwa ulimi wake. Hao siwabadilishi. Ninageuza majira tu, halafu sikiliza majira yanamfanya nini."

Wa tatu ulisema: "Masika mto wavuma, mwewe amezwa na maji."

Nyapara aliupenda sana wimbo huo. Yeye alisikia ndege na mvua, basi. Jioni moja, tukipimiwa maua, alisimama kando ya mizani, akafumba macho, akauimba mwenyewe toka kiangazi mpaka masika. Alipofika pale pa kuzama, akina mama wote waliitikia kwa sauti iliyotikisa mabati: "Amezwa na maji!"

Akatabasamu, jasho likimtiririka shingoni.

"Rudia hapo mwisho, Mzee," mama akamwambia kwa upole. "Hapo umepaimba vizuri kabisa."