Mstari Mmoja wa Changamoto

Nilikabidhiwa taarifa ya maendeleo ofisini kwetu Sakina, niipitie kabla haijatumwa kwa mfadhili. Jedwali lilisema wazee thelathini wa miteremko ya Nkoaranga wanatembelewa nyumbani kila wiki. Kwenye changamoto kulikuwa na mstari mmoja tu: "Hali ya hewa." Nilikasirika. Bibi mmoja wa kwenye orodha ile nilikuwa nimesikia habari za mazishi yake.

Nilimuuliza mama anayewatembelea wazee hao, ambaye ndiye aliyeiandika taarifa.

"Jina la marehemu silifuti kabla ya arobaini, mwanangu," alisema. "Na zile wiki tatu za mvua sikuweza kupanda, njia ilikuwa inateleza. Nilipofika, nilikuta wameshamzika."

Nikaandika upya. Wazee walikuwa thelathini, sasa ni ishirini na tisa. Mvua iliponyesha hatukuwafikia wa juu kwa wiki tatu, na mmoja alifariki bila kuonwa na mtu wetu. Tunahitaji mhudumu anayeishi kule kule juu, na machela ya kuwashushia wagonjwa hospitali.

Kisha nikafungua rasimu ya taarifa iliyopita ili nilinganishe. Mama yule alikuwa ameandika maneno ya bibi yule aliyefariki: "Mvua ikianza hamtanifikia. Nitafutieni mtu wa karibu."

Maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni paliandikwa: "Haya si matokeo. Weka tu 'hali ya hewa'."

Mwandiko ulikuwa wangu.