Safi na Fifi

Nyumba yetu ya Bariadi ilikuwa na vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, jiko la nje na choo kilichosimama peke yake nyuma. Mwenye nyumba hakutaka kumpangisha mtu chumba kimoja kimoja. Alitaka kodi ya nyumba nzima, miezi sita kwa mkupuo, shilingi elfu tisini, na usipokuwa nazo anampa mwingine. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa, makampuni ya pamba yalikuwa yakiingia mjini, na kila kampuni ilitafuta nyumba ya kufanya stoo. Ndiyo sababu watu watatu wasio na undugu wowote tukajikuta tunafungua mlango mmoja.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, nimepangiwa kazi huko kutoka Tukuyu, ambako maji hayatafutwi, yanakukimbiza. Wa pili alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke wa Mwandoya mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Wa tatu alikuwa karani, mtu wa Sapiwi, mtu mzima kutuzidi sote wawili. Alikuwa amepima pamba ya chama cha ushirika kwa miaka mingi. Chama kilipoanguka hakikumlipa mishahara ya mwisho, akaondoka na vitu viwili tu: baiskeli yake mwenyewe na mizani ya kuning'iniza, aliyosema ameichukua badala ya mshahara.

Lazima niseme ukweli juu yangu. Mimi ni mtu wa kuhesabu. Nikikopesha kiberiti nakumbuka njiti zilizokuwemo. Mwezi wa kwanza niligombana na muuguzi juu ya mkaa, nikagombana na karani juu ya kufagia uwanja, na siku moja nikasema, mbele ya wote wawili, kwamba kuna watu katika nyumba hii wanadhani ufagio umezaliwa pamoja na mwanamke.

Karani alikwenda chumbani akatoka na mizani, akaifunga kwenye boriti ya ukumbi, na daftari la zamani la kununulia pamba akaliweka chini yake.

"Mwalimu," akasema, "mkulima akileta pamba tunaigawa mara mbili. Ile nyeupe ni safi. Ile yenye madoa na majani ni fifi. Hatumwonei mtu. Na kazi za nyumba ziko hivyo hivyo."

Basi kazi zikapangwa madaraja. Kupika ni safi, maana unapika unaonja. Kufagia ukumbi ni safi. Kufagia uwanja wakati wa upepo ni fifi. Choo, bila mjadala wowote, ni fifi. Kila mtu kila wiki anachukua safi moja na fifi moja, na wiki ijayo zinazunguka. Mkaa ulipoletwa uliningʼinizwa kwenye mizani, na kila mmoja akalipa theluthi. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ugomvi uliisha, na mimi, sitaficha, nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu nifike.

Tatizo lilikuwa kodi. Theluthi ya karani ilikuwa elfu thelathini kama zetu, na yeye hakuwa na mshahara. Ile miezi sita ya kwanza alilipa kwa ngʼombe wa nyumbani kwao. Ngʼombe wa pili hakuwepo. Msimu wa kununua pamba ulipofika mwezi wa sita, makampuni yalikuja na makarani wao kutoka Mwanza, naye akabaki kutazama magari yakipita.

Muuguzi ndiye aliyepata njia. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto. Wauza maji walituletea kwa baiskeli, shilingi thelathini kwa ndoo. Tulitumia ndoo sita kwa siku, mbili kila mtu.

"Ngosha," muuguzi akamwambia, maana ndivyo alivyomwita kwa utani wa kwao, "wewe una baiskeli. Hizi hela tunawapa watu wengine kwa nini? Leta maji wewe, sisi tuzitie kwenye mkebe ziwe kodi yako."

Tukakubaliana. Zile ndoo mbili zake hazihesabiwi. Zile nne zetu ni shilingi mia na ishirini kwa siku, sitini kwangu, sitini kwa muuguzi, kila siku jioni kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mimi nikadai madumu yapimwe, kwa sababu niliona maji yanamwagika njiani. Karani akayapima. Dumu likipungua kilo mbili aliandika pungufu kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwahi kuninunia.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mama yangu alikuja kunitembelea. Safari ile ndefu, treni na basi, akafika amevimba miguu na kikapu cha ndizi zilizoiva zote njiani. Karani alimpokea mlangoni akamwambia, "Mwangaluka, mayu," na mama, ambaye hakujua hata neno moja la Kisukuma, akamjibu kwa Kinyakyusa, na wakaendelea hivyo kila asubuhi kama watu waliosoma darasa moja.

Wiki ya pili maji ya ugali yalimwagikia mguu wake. Kidonda kilikuwa kikubwa. Muuguzi alikisafisha kila siku akitoka kazini, kwenye kigoda kile kile cha jikoni, na vitambaa vilichemshwa, na shuka zilifuliwa, na mama alipenda kuoga mara mbili kama alivyozoea kwao. Alikaa siku sabini na tano. Mimi niliondoka alfajiri kwenda shule, nikirudi mchana nakuta pipa limejaa. Jioni natia shilingi sitini zangu kwenye mkebe. Sikujiuliza chochote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mimi mtu wa kuhesabu njiti.

Mama alipona akarudi kwao. Mwezi wa kumi na mbili ukaingia, na mwenye nyumba akatuma salamu: Jumamosi anakuja, na kuna mtu wa kampuni anayeitaka nyumba kwa stoo ya magunia.

Alhamisi jioni tulifungua mkebe. Siku mia na themanini, kila siku mia na ishirini. Zilikuwepo elfu ishirini na moja na mia sita, hakuna hata shilingi iliyopotea. Zilipungua elfu nane na mia nne.

Muuguzi akaanza kusema kwamba labda sisi wawili. Nikamkatiza.

"Makubaliano ni makubaliano," nikasema. "Kama mtu hawezi theluthi yake, atafutwe mwingine wa chumba kile. Mimi siwezi kulala stoo kwa sababu ya mtu."

Kwa sababu ya mtu. Mbele yake, ameketi pale pale. Karani aliifuta mizani vumbi kwa kiganja.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Zitakuwepo."

Jumamosi asubuhi sikumkuta, wala baiskeli. Nilikuwa nakunywa chai uwanjani muuguzi aliponiletea daftari la pamba, akaliweka mapajani mwangu.

"Amekwenda mnadani kuiuza," akasema. Sikuwahi kumwona bila kicheko, na asubuhi ile hakuwa nacho. "Bila baiskeli hakuna kampuni itakayomwajiri msimu ujao. Karani anazunguka vijijini, atazunguka kwa miguu? Haya, wewe unayependa hesabu, hesabu."

Alifungua kurasa za nyuma. Mwandiko wa karani ulikuwa mzuri, umesimama. Tarehe, madumu, kilo. Juu ya ukurasa ameandika MGENI. Ndoo nne, ndoo nne, ndoo tano, ndoo nne. Kwa siku moja pembeni ameandika, "mama kaoga mara tatu, joto." Upande wa kulia, penye nafasi ya bei, kulikuwa na mstari tu, siku zote, kutoka juu mpaka chini.

Alikuwa ameenda mtoni mara ya ziada kila siku, akapima kila dumu kwa sababu hajui kutopima, akaandika kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua, na hakutoza. Nilijumlisha kwa ndoo nne nne tu. Ilikuwa shilingi elfu tisa. Deni lake lilikuwa limelipwa na mia sita zimebaki, na mdaiwa wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Nililia. Muuguzi akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Na mimi kidonda sikukiandika. Nenda."

Nilikwenda mnadani na kandambili, kanga ya nyumbani, daftari kwapani. Nilipita kati ya ngʼombe na mavumbi yao nikiuliza watu kama wamemwona mtu mrefu mwenye baiskeli. Nilimkuta upande wa wauza vitu vya mitumba. Mwanamume mmoja alikuwa ameshainama anabana tairi kwa vidole.

"Baiskeli hiyo haiuzwi!" nikapiga kelele, sauti ya darasani, watu wakageuka. "Ina deni."

Mnunuzi akaiachia tairi. Karani akaona aibu kwa niaba yangu. "Deni gani tena, mwalimu?"

Nikafungua daftari. "La maji ya mama yangu."

Alitazama ukurasa, akatazama pembeni. "Mgeni hapimiwi maji," akasema. "Mgeni wa nyumba ni wetu wote."

"Umempimia! Umeandika mpaka joto!"

"Nimeandika," akasema taratibu. "Sikutoza."

Nikasema kile kilichokuwa kikinichoma. "Nilisema vibaya Alhamisi. Nisamehe, kaka." Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwita hivyo. Siku zote nilimwita karani.

Mnunuzi alisubiri, akachoka, akaenda zake. Karani alirudisha pampu kwenye fremu, akaifunga kamba, bila haraka yoyote. Kisha akapiga keria ya nyuma kwa kiganja, kufuta vumbi kama alivyoifuta ile mizani.

"Panda," akasema. "Mwenye nyumba atafika."

Nikapanda, daftari mikononi, na tukapita mji mzima nikiwa nyuma, watu wakimsalimu naye akiitika. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika. Nilimhesabia elfu tisini juu ya kigoda, elfu nane na mia nne zikitoka kwenye bahasha yangu ya Krismasi, na karani akakaa pembeni akitazama, akiitikia kwa kichwa kila noti kumi.

Mwenye nyumba alipoondoka, karani aliniomba daftari. Akatafuta kalamu, akafungua ukurasa wa kazi za wiki. Nilidhani anataka kuandika kwamba ananidai zile mia sita. Aliandika muda mrefu, kwa mwandiko ule ule uliosimama, akanipa nisome. Palikuwa na jina langu, na mbele yake: choo, wiki mbili, fifi.

Kicheko cha muuguzi kilisikika mpaka barabarani. Nilikisafisha choo kile wiki mbili, na siku moja karani alipotaka kunisaidia fifi yangu nikamkatalia kabisa.