Alikuwa, Yuko

Uasi ulipokwisha nilikuwa mpiga taipu wa shule ya wauguzi hapa Kisangani, na nina ugonjwa mmoja hadi leo: nikiona nafasi tupu kwenye karatasi, situlii. Shule iliitisha mkutano wa wauguzi na wakunga, hata wa Opala na Yangambi, na kila msemaji alijaza fishi, yaani fomu, ya maisha yake. Kutoka kwenye fishi niliandika wasifu wake mara mbili: mfupi, sentensi mbili za kuchapwa kwenye programu, na wa wastani, aya moja ambayo mkurugenzi angeisoma kabla msemaji hajasimama. Kote nilitumia nafsi ya tatu, maana mtu hajisifu mwenyewe.

Msemaji wa mada ya kuumwa na nyoka alikuwa muuguzi mzee, mzaliwa wa Ubundu. Fishi yake ilijaa vizuri, ila kwenye miaka ya uasi palikuwa peupe. Alijificha? Aliwatibu waasi? Udadisi ulinikereketa, lakini kisichokuwa kwenye fishi hakiandikwi, basi nikairuka ile miaka. Nikaandika: "Alizaliwa Ubundu. Alikuwa muuguzi hodari. Aliwahudumia wagonjwa kwa upendo."

Alikuja na mkewe kuuidhinisha wasifu. Nikawasomea aya ile kwa maringo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Yule mama akavua kitambaa cha kichwani, akaketi chini sakafuni.

"Mutoto, unasoma juu ya nani?"

"Juu ya papa huyu, mume wako, mama."

"Bon. Alikufa lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mzee ndiye aliyenieleza. Wakati wa uasi habari zilifika mjini kwamba ameuawa huko Ubundu. Mama akaweka matanga, akaketi sakafuni kichwa wazi vilevile, na katekista akasoma karatasi kama yangu: alizaliwa, alikuwa, aliwahudumia. Wiki kadhaa baadaye marehemu akatokea mlangoni, amekonda, amefuata reli kwa miguu kutoka Ubundu.

"Kama wanasoma ile, papa hatasema kule," mama alisema. "Mie sitamuzika mara mbili."

Niliona aibu, na, nikiri, nilifurahi kujua. Nikachomeka karatasi mpya kwenye mashine. Safari hii nilianza na leo: "Ni muuguzi. Anafundisha vijana namna ya kutibu aliyeumwa na nyoka." Mambo ya zamani yalifuata nyuma, masomo na wodi tu. Ule mfupi nao nikaurekebisha hivyohivyo.

"Na ile miaka, papa?" niliuliza. Akamtazama mkewe.

"Andika: iko," mama alisema.

Nikaliandika neno lake kwa Kiswahili cha ofisini, iko yake ikawa yuko, mwisho wa ile aya. Siku ya mkutano mkurugenzi aliisoma taratibu, akafika pale: "Yuko Kisangani, pamoja na mkewe."

Kutoka safu ya tatu mama akaitika kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka:

"Iko!"