Barua Iliyorudi Imeandikwa Inconnu

Baba alipolazwa hospitalini Bunia na tumbo lake likazidi kuvimba, mama aliniambia nimwite kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya pamba kule Kisangani. Nikaandika bahasha kama siku zote: jina lake la ubatizo, namba ya sanduku la posta la kampuni, mji.

Barua ilirudi. Jina lilikuwa limekatwa kwa wino, na kando yake wamegonga muhuri: *Inconnu*. Nilimweleza mama kwamba maana yake ni hajulikani.

"Mutoto nilizaa mimi mwenyewe," alisema, "nani hamujui?"

Nikaipeleka posta. Karani wa gishe, pale dirishani, aliigeuza mbele na nyuma.

"Haisemi amekufa, dada. Angehama wangeandika amehama. Hapa wanasema kwa sanduku hii hakuna mutu wa jina hii. Siye hatupeleki barua nyumbani, tunatia mu sanduku tu. Mwenye sanduku ndiye amerudisha. Pengine sanduku imepata mwenyewe mupya, pengine kaka yako iko na jina mupya. Tuma mutu akaulize kule kazini. Asiulize jina tu, aulize kazi yake na kwao."

Dereva mmoja jirani yetu alikuwa akipeleka maharagwe Kisangani kwa njia ya Niania. Nikampa picha ya kaka. Njia ilikuwa matope matupu, tukangoja sana, na baba hakungoja. Tulimzika baba, mama akitazama barabarani.

Dereva aliporudi alisema kaka yuko palepale, kwenye ofisi ya mishahara. Kampuni ilikuwa imepewa patron mwingine, mkubwa mpya, na sekretari mgeni ndiye aliyegawa barua. Alijua majina mapya tu. Miaka ile serikali ilikuwa imetukataza majina ya ubatizo, na kaka alikuwa amejiandikisha kwa jina la babu mzaa mama. Sisi nyumbani hatukulijua.

Niliandika upya: jina jipya, ofisi yake, sanduku lilelile. Ilifika. Sasa ilikuwa barua ya msiba.

Kaka alikuja akiwa na hasira. "Mulimuzika bila mimi!"

"Tuliandika. Ilirudi."

"Muliandika kwa jina gani?"

"Lile baba alikupa."

"Hilo lilikatazwa! Nilifikiri mulijua nimebadilisha."

"Tungejua namna gani, yaya?" nilimwuliza kaka yangu mkubwa. "Ni wewe ulipaswa kutuandikia."

Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakuinua kichwa. Kwa wiki nzima aliyokaa kaka, mama alimpa chakula na maji ya kuoga, wala hakumwita kwa jina lolote.

Baada ya hapo barua zangu zote zilimfikia. Majibu yake yalikuwa mafupi, yakazidi kuchelewa, na mama hakuniomba tena nimsomee.