Kipa Aliyeomba Kalamu

Mimi Connie nina ugonjwa mmoja: siwezi kupitwa na jambo. Mgahawa wangu uko hapa Nengo, na viongozi wa timu yetu hupenda kujadili mikataba mezani kwangu. Kwa hiyo Straton, kipa wetu, alipoomba kalamu mwezi wa Novemba kisha akanirudishia bila kuitumia, nilisumbuka wiki nzima.

Straton ni mtoto wa wavuvi, ana miaka ishirini na tisa, mikono mirefu na maneno machache. Siku ile alikaa na Kalisa, rais wa klabu, mfanyabiashara anayecheka hata akikunyima. Straton aliomba jambo moja tu: mkataba mpya wa miaka miwili, ili goti likimsaliti asibaki mikono mitupu.

"Bon, tutaongea Juni, mkataba ukiisha," Kalisa alisema, akalipia chai. "Utaenda wapi bila barua yangu?"

Zamani mchezaji aliyemaliza mkataba aliweza kukaa nje msimu mzima akingoja klabu imwandikie barua ya kumwachia. Kalisa aliamini mlango huo bado ufunguo wake anao yeye.

Januari, mkataba wa Straton ukiwa umebakiza miezi sita, klabu moja ya Bukoba ilimwandikia Kalisa kumjulisha kwamba itazungumza na kipa wake. Kalisa alifurahi, akawatajia bei. Wakamjibu kwa adabu kwamba wangemtaka sasa hivi wangemnunua, lakini wanamtaka Julai, na Julai hakuna cha kununua.

"Connie, kweli wanaweza?" aliniuliza.

"Rais ni wewe," nilisema, nikijifanya napanga vikombe.

Akapiga simu kwenye shirikisho la mpira. Alipoishusha, kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilimbana mpaka akanieleza: ikibaki miezi sita, mchezaji anaruhusiwa kusaini kwingine, na mkataba ukiisha anaondoka bila klabu yake kulipwa chochote. Nikapiga hesabu zangu za kimgahawa. Kama Bukoba hawamlipi Kalisa, basi wana cha kumwongezea Straton mwenyewe. Mwenye kuombwa amegeuka mwenye kuomba! Nilishika mdomo nisicheke.

Kesho yake Kalisa alimwita Straton, na safari hii alikuja na mkataba wa miaka miwili, mshahara umepanda.

"Perezida, mi nilishasaini kwao juzi," Straton alisema polepole. "Lakini mpaka Juni goli yako iko na mulinzi. Usiogope."

Kalisa aliusukuma mkataba wake kando. Nilimhurumia, kusema kweli.

"Donc," aliuliza, "ningekupa hii Novemba, ungekubali?"

Straton alinigeukia mimi.

"Dada Connie, ile siku si nilikuombaka kalamu?"