Dakika Tatu za Sheikh

Mie shule niliiachia kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniachia. Lakini pale msikitini kwetu Temeke nilikuwa nahesabiwa msomi, kwa sababu mbili kubwa: nilikuwa na mwandiko wa kusomeka na nilikuwa na saa inayotembea. Ndiyo maana Sheikh alipoanzisha baraza la maswali na majibu kila Jumapili baada ya Alasiri, kazi ya kupanga ratiba nikapewa mie.

Ratiba yenyewe niliipiga mistari kwenye daftari kama mhasibu wa benki. Saa kumi na robo, kisomo cha Qur'ani, dakika kumi. Saa kumi na dakika ishirini na tano, kukusanya karatasi za maswali, ndoo ya bluu upande wa kina mama, ya njano kwa wanaume. Kisha ustadhi mmoja anazichambua: yanayofanana anayaweka pamoja, ya matusi anayachana. Saa kumi na dakika arobaini, swali la kwanza. Kila swali dakika saba. Kanda ya kurekodia ya dakika tisini, upande mmoja unaisha dakika ya arobaini na tano, kwa hiyo kabla ya hapo niliandika kwa wino mwekundu: KASIDA, GEUZA KANDA. Vijana wanaimba, mie nageuza, hakuna neno la Sheikh linalopotea. Kila swali likianza, naandika pembeni namba inayosoma kwenye kihesabio cha redio. Saa kumi na mbili na robo tunafunga, Magharibi isitukute.

Mpango mzuri sana. Aliyekuwa hajauona ni Sheikh peke yake.

Sheikh wetu alikuwaga na mtindo wake. Ukimuuliza jambo, hakujibu kwanza. Alianza na maneno ya wale asiokubaliana nao. Alikuwa anawasemea vizuri kuliko wao wenyewe, kwa hoja na kwa sauti nene, mpaka unaanza kutikisa kichwa. Halafu ananyamaza, anakunywa maji. Halafu anasema, "Sasa hao wamekosea," na anaibomoa nyumba yote aliyoijenga. Wazee walikuwa wanangoja hayo maji kama watu wanavyongoja penalti.

Siku hizo Kariakoo ilikuwa imefurika redio za deki mbili kutoka Dubai, na kila mwenye deki mbili alijiona ana studio. Mie yangu nilinunua kwa mkopo kwa mwenye duka la kanda, jirani yetu. Huyo ndiye aliyenipa wazo.

"Mdogo wangu," aliniambia, "watu hawana subira ya masaa mawili. Nikatie vipande. Maswali ishirini, kila moja dakika tatu. Kumi huku, kumi huku. Kanda ya dakika sitini inajaa bila kubaki hata pumzi."

"Na Sheikh akizidisha dakika tatu?"

"Wewe si ndiye mwenye saa?"

Nikaona kweli, mie ndiye mwenye saa. Nikachukua kanda za mabaraza manne. Kazi ilikuwa ya kitaalamu: kanda mama deki ya kushoto, tupu kulia, kitufe cha pozi kimebanwa. Natafuta namba niliyoandika kwenye ratiba, naachia pozi, nahesabu dakika tatu, nabana. Kipande kinachofuata. Na kwa kuwa kulikuwa na mpira redioni kwa jirani, sauti ya Sheikh niliizima kabisa. Kwani alikuwa ananihutubia mie? Deki ilikuwa inasikia kwa niaba yangu.

Kanda zikauzwa Ijumaa baada ya swala. Nakala moja nilimpelekea dada yangu bure, Tandale alikoolewa, ili ajue amezaliwa tumbo moja na mtu mkubwa.

Jumatatu asubuhi dada huyo yuko mlangoni kwa mama, godoro kichwani, mtoto mgongoni.

"Nimeachika," akasema.

"Nani kakuacha?" mama akauliza.

"Sheikh."

Godoro nililiteremsha mie mwenyewe, nikaliingiza ndani kwa adabu zote. Ndipo akaeleza. Mumewe alimwambia, "Ukienda kwenye harusi hiyo, mie na wewe basi." Yeye akaenda, kwani harusi ilikuwa ya shoga yake. Mume hakurudia tena hayo maneno, lakini dada moyo ulikuwa haumtulii. Akaandika karatasi bila jina, akampa jirani aje aitie kwenye ndoo ya bluu. Barazani hakuweza kuja, mtoto alikuwa na homa. Jibu lake akalipata kwenye kanda yangu. Ya bure.

Tukaiweka. Sauti nene ikasema: "Kashasema basi, na wewe ukaenda. Sharti limetimia. Unangoja nini kwenye nyumba ya mwanamume asiye mumeo? Fungasha virago vyako!" Kimya. Kisha swali la udhu.

Mama akanitazama. "Na maji hajanywa?"

Nikaleta kanda mama na ratiba, nikatafuta namba ya swali lile, nikakaa chini nikasikiliza kwa masikio yangu, kwa mara ya kwanza tangu nijiite fundi. Fungasha virago vyako. Glasi ikagonga meza. "Sasa hao wamekosea. 'Basi' si tamko la wazi la talaka. Ni neno la fumbo, linakwenda na nia. Aulizwe mume, alikusudia nini? Kama alikusudia talaka, imepita. Kama alikuwa anatisha tu, huyo ni mkewe." Dakika sita na nusu.

Dada akalia. "Sasa nikusudie mie nia ya mtu?"

Nikaenda kwa Sheikh. Nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nilisema jibu," akasema, "wewe ukauza pingamizi. Kusanya kanda zote zilizouzwa, uzirudishe dukani. Jumapili, kabla ya swali la kwanza, utasimama useme ulichofanya. Liandike hilo kwenye ratiba yako. Na kamwite shemeji yako."

Shemeji alikuja jioni ile ile, hajanyoa, shati kalivaa ndani nje. Alikuwa amerudi kazini akakuta nyumba haina mke wala godoro, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Sheikh naye akaja, akamkalisha sebuleni kwa mama, dada yuko nyuma ya pazia.

"Siku ile ulivyosema basi, ulikusudia nini? Muogope Mungu, sema kweli."

"Sheikh, nilitaka asiende tu. Talaka haikunipitia hata kichwani. Nilimtisha."

"Basi huyo ni mkeo. Na usichezee tena maneno hayo."

Mie nikapumua. Nikasimama nichukue godoro. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, nimesikia kuwa ni mume wangu. Nataka nimsikie na yeye. Amenitisha kwa ajili ya harusi, aseme."

Shemeji akaanza kusema. Yule bwana si msemaji. Akaanzia siku walipooana, akapita kwa mama yake mzazi, akaingia kwenye bei ya unga, akarudi kwenye harusi, akapotea tena. Nikaona nimsaidie.

"Shemeji, kwa ufupi unaomba radhi, siyo?"

"Wewe nyamaza," dada akasema. "Usimkate. Mwache amalize."

Akaendelea mpaka muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti. Ndipo dada akatoka, akamkabidhi mumewe mtoto, akaenda kutia udhu.